Fahamu Tofauti ya Riba Inayotajwa na Riba Halisi, na Hesabu Sahihi ya Kuondoa Mfumuko wa Bei

Mkulima wa Tumati, wilayani Mbulu mkoani Manyara, anapouza mahindi au vitunguu saumu hukutana na swali moja kila msimu. Hela aweke benki, aikopeshe kwenye kikundi, au anunue kitu cha kumzalishia? Kila sehemu anatajiwa riba, na riba hiyo huwa inavutia. Lakini namba anayotajiwa siyo namba atakayoila. Kati ya hizo mbili kuna mfumuko wa bei, na wengi hukosea namna ya kuutoa.

Riba inayotajwa ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba au kwenye bango la benki. Inahesabu shilingi tu. Riba halisi inahesabu vitu: baada ya muda kupita, hela ile inanunua zaidi kiasi gani kuliko mwanzo? Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na shilingi nyingi zaidi kwenye akaunti na bado akawa maskini kuliko mwaka jana.

Mfano wa mahindi

Chukulia mtu ana shilingi 1,000,000 na kilo moja ya mahindi inauzwa shilingi 1,000. Leo hela yake ni sawa na kilo 1,000 za mahindi. Anaiweka mahali kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 10. Mwaka ukiisha anachukua shilingi 1,100,000.

Kumbe na bei nayo haikukaa. Imepanda kwa asilimia 5, kilo sasa ni shilingi 1,050. Akigawa 1,100,000 kwa 1,050 anapata kilo 1,047 na ushee. Kwa hiyo kwa mahindi ameongeza asilimia 4.76 tu. Hiyo ndiyo riba yake halisi.

Watu wengi hapa hutoa haraka: 10 toa 5 ni 5. Wangetegemea kilo 1,050, lakini sokoni zinatoka 1,047. Zimekwenda wapi kilo mbili na kidogo? Jibu ni kwamba mfumuko haukuula mtaji peke yake, umeila na riba yenyewe. Ile faida ya shilingi 100,000 ingekuwa kilo 100 kwa bei ya zamani. Kwa bei mpya ni kilo 95 tu na kidogo. Kutoa kwa kawaida kunasahau kwamba hela ya faida nayo inatumika kwa bei mpya.

Kanuni yenyewe

Kwa hiyo hesabu sahihi ni ya kugawanya, siyo ya kutoa. Tukiita riba inayotajwa T, riba halisi H na mfumuko wa bei M, zote zikiwa kwenye desimali (asilimia 10 ni 0.10), uhusiano wake ni huu:

1 + T = (1 + H) × (1 + M)

Anayetafuta riba halisi anaigeuza hivi:

H = (1 + T) ÷ (1 + M) − 1

Kwenye mfano wa mahindi ni 1.10 ÷ 1.05 = 1.0476. Ukiondoa 1 inabaki 0.0476, yaani asilimia 4.76. Kikokotoo cha simu ya kawaida kinatosha.

Uhusiano huu unaitwa kwa jina la Irving Fisher, mchumi Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeuandikia mwaka 1896 na kuurudia katika kazi zake za baadaye. Ukiyafungua mabano, T inakuwa H + M + H × M. Wanaotoa moja kwa moja wanaiacha ile sehemu ya mwisho, H × M. Mfumuko ukiwa mdogo na riba ikiwa ndogo, kipande hicho ni kidogo na hakuna anayekiona. Vikiwa vikubwa, kinakuwa hela ya maana.

Pale mfumuko ulipokuwa karibu asilimia 20

Tanzania imewahi kupita kwenye kipindi ambacho kosa hilo linaonekana wazi. Desemba 2011 mfumuko wa bei wa mwaka ulifika asilimia 19.8 kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Chakula na mafuta ndivyo vilivyosukuma sana.

Tuseme mtu aliweka shilingi 1,000,000 kwenye akaunti ya akiba Desemba 2010 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Mwaka mmoja baadaye akaunti inasoma 1,030,000. Lakini bidhaa alizoweza kununua kwa 1,000,000 sasa zinahitaji 1,198,000. Ukigawa 1.03 kwa 1.198 unapata 0.8598. Yaani hela yake sasa ina nguvu ya shilingi 859,800 hivi za mwaka uliotangulia. Riba halisi ni hasi asilimia 14.

Aliyetoa tu, 3 toa 19.8, angesema amepoteza asilimia 16.8. Kwenye milioni moja hiyo ni tofauti ya shilingi 28,000 hivi, na safari hii kutoa kumezidisha hasara. Kwa hiyo kutoa hakukosei upande mmoja siku zote: riba halisi ikiwa chanya kunaionyesha kubwa kuliko ilivyo, ikiwa hasi kunaonyesha hasara kubwa kuliko ilivyo.

Sasa mradi: pampu ya kumwagilia saumu

Kuweka hela mwaka mmoja ni rahisi. Kazi inakuja kwenye mradi unaoingiza hela miaka kadhaa, kwa sababu kila mwaka una bei zake.

Chukua mkulima wa mfano pale Tumati anayetaka pampu ya petroli ya kumwagilia vitunguu saumu. Pampu na mipira yake ni shilingi 2,000,000. Kwa bei za leo, baada ya kutoa petroli na matengenezo, anategemea imwongezee shilingi 700,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka minne, kisha pampu imechoka. Hela anaipata kwa mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka. Mfumuko anaukadiria asilimia 3 kwa mwaka, ambao ni karibu na wastani wa Tanzania kwa mwaka 2024.

Swali lake: hizo hela za miaka minne, zikirudishwa kwenye thamani ya leo, zinafika 2,000,000?

Kuna njia mbili sahihi za kujibu.

Njia ya kwanza ni ya shilingi zitakazoshikwa mkononi. Kama bei ya saumu na gharama zake zote zitapanda kwa asilimia 3, basi ile 700,000 ya bei za leo itakuwa 721,000 mwaka wa kwanza, 742,630 wa pili, 764,909 wa tatu na 787,856 wa nne. Hizi ni shilingi zenye mfumuko ndani yake, kwa hiyo zinarudishwa leo kwa riba yenye mfumuko ndani yake, asilimia 18. Mwaka wa kwanza unagawa kwa 1.18 mara moja, wa pili mara mbili, na kuendelea:

Mwaka 1: 721,000 inakuwa 611,017
Mwaka 2: 742,630 inakuwa 533,345
Mwaka 3: 764,909 inakuwa 465,547
Mwaka 4: 787,856 inakuwa 406,367

Jumla ni shilingi 2,016,276. Ukitoa bei ya pampu, inabaki faida ya 16,276 kwa thamani ya leo.

Njia ya pili ni ya bei za leo. Hapa 700,000 inaachwa ilivyo miaka yote minne, haipandishwi. Lakini na riba nayo inavuliwa mfumuko: 1.18 ÷ 1.03 = 1.14563, yaani riba halisi ya asilimia 14.563. Mwaka wa kwanza, 700,000 ÷ 1.14563 ni 611,017. Ni ile ile! Miaka mingine nayo inatoka vile vile, na jumla inakuwa 2,016,276.

Hii siyo bahati. Kwenye njia ya kwanza unazidisha kwa 1.03 kisha unagawa kwa 1.18. Kwenye njia ya pili unagawa kwa 1.18 ÷ 1.03. Ni kitendo kile kile kimeandikwa kwa namna mbili. Ndiyo maana kanuni ya kugawanya ndiyo sahihi: ni hiyo pekee inayofanya njia zote mbili zikutane.

Makosa mawili yanayogeuza jibu

Kosa la kwanza ni kuchanganya. Mtu anakadiria mapato kwa bei za leo, 700,000 kila mwaka, kwa sababu bei za leo ndizo anazozijua. Halafu anachukua riba ya benki ya asilimia 18 kama ilivyo. Akihesabu hivyo anapata 1,883,043, na anaona pampu itamtia hasara ya karibu 117,000. Anaiacha. Lakini hesabu yake imemwadhibu kwa mfumuko uliomo kwenye riba, bila kumpa mfumuko utakaokuwa kwenye bei ya saumu.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anapandisha mapato kwa asilimia 3 kila mwaka, halafu anatumia riba halisi. Huyo ameuhesabu mfumuko upande wa mapato peke yake, na mradi mbovu utaonekana mzuri.

Kosa la pili ni kutoa. Anafanya 18 toa 3, anapata 15, anairudisha 700,000 kwa asilimia 15. Jumla inatoka 1,998,485. Sasa pampu inaonekana ina hasara ya shilingi 1,515, wakati hesabu sahihi inasema faida ya 16,276. Kutoka faida kwenda hasara kwa sababu ya kutoa badala ya kugawa.

Kweli, mradi ulio karibu hivyo na sifuri hauamuliwi na elfu kumi na sita. Msimu mmoja wa bei mbaya ya saumu unaufuta. Lakini angalau mkulima ajue kwamba yuko pembeni kabisa ya mstari, na ajue ni upande upi.

Namna ya kujipima ni rahisi: fanya hesabu kwa njia zote mbili. Zisipokutana, kuna mahali pamekosewa, na mara nyingi ni moja ya makosa haya.

Marejesho ya mkopo hayapandishwi

Hapa kuna mtego mwingine. Marejesho ya mkopo wa riba isiyobadilika yameandikwa kwa shilingi. Mfumuko ukija, hayabadiliki. Kwa hiyo anayetumia njia ya kwanza anapandisha mapato ya saumu, lakini marejesho anayaacha yalivyo.

Kama mkulima wetu anakopa 2,000,000 yote na kulipa sawasawa kila mwaka kwa miaka minne kwa asilimia 18, kila rejesho ni shilingi 743,477. Ukilipima rejesho la mwaka wa nne kwa bei za leo, ni kama shilingi 660,600 tu. Mfumuko unampunguzia mkopaji mzigo polepole.

Polepole, na hapo ndipo shida ilipo. Mwaka wa kwanza pampu inaingiza 721,000 na rejesho ni 743,477. Anapungukiwa shilingi 22,477. Mwaka wa pili anapungukiwa kama 850. Mwaka wa tatu ndiyo anaanza kubaki na 21,000 na ushee, na wa nne 44,000 na ushee. Mradi unalipa kwa jumla, lakini mwaka wa kwanza haujilipii wenyewe. Asipokuwa na mbuzi wa kuuza au akiba pembeni, anaweza kushindwa kulipa mradi ambao kwenye karatasi una faida. Riba inayotajwa ikiwa kubwa, sehemu ya mzigo huwa inalipwa mapema, kabla mfumuko haujafanya kazi yake.

Kwa hiyo thamani ya leo inajibu swali la kama mradi unafaa. Swali la kama mtu ataweza kulipa kila mwaka linajibiwa na shilingi za mwaka huo, rejesho kwa mapato. Yote mawili yanatakiwa.

Riba ya mwezi na mfumuko wa mwaka

Kwenye VICOBA na vikundi vya kukopeshana riba hutajwa kwa mwezi. Mfumuko unaotangazwa ni wa mwaka. Mtu akisikia kikundi kinatoza asilimia 5 kwa mwezi na mfumuko ni asilimia 3, akitoa anapata 2 na kusema "mbona kidogo". Amelinganisha mwezi na mwaka.

Mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka ni kama asilimia 0.25 kwa mwezi. Hesabu sahihi ni 1.05 ÷ 1.0025, ambayo inatoa riba halisi ya kama asilimia 4.7 kwa mwezi. Kwa mkopaji huo ni mzigo mkubwa sana, na mfumuko haukumpunguzia chochote cha maana. Kabla ya kuitumia kanuni, T na M lazima ziwe za muda mmoja.

Kwa anayeweka hela benki, kuna jambo dogo la kutanguliza pia. Riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kumfikia. Aliyeahidiwa asilimia 9 anashika 8.1. Hiyo 8.1 ndiyo inayoingia kwenye kanuni: 1.081 ÷ 1.03, riba halisi ya karibu asilimia 4.95. Kodi inatoka kwanza kwa sababu inakatwa kwenye riba yote inayotajwa, hata ile sehemu inayofidia tu kupanda kwa bei.

Mfumuko wa nani?

Kanuni ni sahihi kabisa, lakini jibu lake haliwezi kuwa zuri kuliko M iliyowekwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko kila mwezi kwa kutumia kapu la bidhaa na huduma za nchi nzima: chakula, nauli, kodi ya nyumba, mavazi na vingine. Nyumba ya Tumati inayokula mahindi ya shambani kwake na hailipi pango haina kapu hilo. Bei ya mbolea na petroli inaweza kuwa ndiyo mfumuko wake mkubwa.

Tena takwimu iliyotangazwa ni ya mwaka uliopita. Hesabu ya pampu inahitaji mfumuko wa miaka minne ijayo, na huo ni makadirio. Mkulima mwangalifu anajaribu zaidi ya namba moja, kwa mfano 3, 5 na hata 8, aone jibu linageukia wapi.

La mwisho ni kwamba bei hazipandi pamoja. Saumu ikivunwa kwa wingi bei inaweza kushuka huku petroli ikipanda. Hapo njia ya pili, ya riba halisi moja kwa kila kitu, inadanganya, kwa sababu inachukulia kwamba bei zote zinakwenda kwa mwendo mmoja. Katika hali hiyo bora kutumia njia ya kwanza: andika mapato ya saumu ya kila mwaka kwa bei unayoitegemea mwaka huo, andika petroli kwa bei yake, toa, kisha kinachobaki ukirudishe leo kwa riba inayotajwa. Ni kazi zaidi, lakini kila bei inabaki kwenye mstari wake.